Baada ya hasara: mwongozo kamili wa siku 28 za kuinuka bila kujikaza

Wafugaji na wafanyabiashara wadogo wa Arusha na Moshi wanaoomba ushauri baada ya hasara kubwa huwa wameshajaribu jambo moja tayari: kujikaza. Wamepiga moyo konde, wamefunga mdomo, na ndani ya wiki moja wamekopa tena ili warudishe kilichopotea. Miezi miwili baadaye hasara imejirudia kwa sababu ileile, usingizi umekwisha, na kwenye kikoba hawaonekani.

Hawakukosa ujasiri. Walikosa utaratibu. Ustahimilivu, yaani uwezo wa kurudi kwenye kazi, usingizi na watu wako baada ya pigo, hujengwa kwa vitendo vichache vinavyofanywa kwa mpangilio maalum. Mpangilio huo ndio wengi huukosea: huanza na fedha, kisha hujilaumu, na watu huwakumbuka mwisho kabisa wakati deni limeshaiva. Sisi tunaanza na mwili, tunakwenda kwenye karatasi, kisha kwa watu, na biashara inafuata baadaye.

Mwongozo huu ni kwa hasara ya kazi au mtaji. Msiba wa kufiwa una njia yake, na hatua ya 3 hasa haifai kutumiwa hapo.

## Mfano tutakaoufuata

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue hali moja ambayo mfugaji yeyote wa huku ataitambua. Mama mmoja wa Sakina, Arusha, ana genge la mboga. Mwezi wa saba amekopa shilingi 400,000 kwenye kikoba, riba asilimia 10, arejeshe 110,000 kila mwezi kwa miezi 4. Ameongeza 80,000 za genge, akanunua vifaranga 200 vya kuku wa nyama kwa 1,800 kimoja, mfuko wa kilo 50 wa chakula kwa 80,000, pamoja na mkaa, maranda na vitamini kwa 40,000.

Usiku wa siku ya tano mkaa ulizimika. Julai Arusha usiku huweza kushuka hadi karibu nyuzi 12, na kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 34. Kifaranga akishikwa na baridi humfuata mwenzake, na wote hukimbilia kona. Wa juu wanapata joto, wa chini wanakosa hewa. Asubuhi alikuta rundo kwenye kona moja ya banda, 140 wamekufa, 60 wazima.

Bei hizo ni za mfano, weka zako. Mpangilio wa hatua ni uleule hata kama kilichoharibika ni balo la mitumba la Soko la Memorial au shamba la nyanya lililopigwa na ukungu.

## Vitu vya kuandaa

Daftari moja la kurasa 80 na kalamu. Usiandike kwenye simu, kwa sababu simu ileile italeta ujumbe wa mkopo wa haraka wakati akili bado haijatulia.

Simu utaitumia kwa kengele tu: moja ya kuamka na moja ya jioni.

Majina ya watu watatu, ambayo tutayachagua pamoja kwenye hatua ya 4.

Dakika 30 kwa siku kwa siku 28. Kwa mama wetu siku hizo 28 zina bahati yake: vifaranga 60 waliobaki wakiwa na siku 5 leo, mwisho wa mwongozo watakuwa na siku 33, wamekaribia kuuzwa.

## Hatua ya 1: Saa 72 za kwanza, mwili

Anza na dharura pekee. Vifaranga 60 wahamishiwe mahali penye joto sasa hivi, waliokufa wafukiwe mbali na banda. Hayo hayasubiri. Ukishamaliza, andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: *Kwa saa 72 sikopi, siuzi chombo, sifungi biashara, simtuhumu mtu.*

Sababu ni hii. Mtu aliyepigwa na hasara anakuwa katika hali ya hatari: moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika, na macho yanaona njia mbili tu, kukimbia au kupambana. Maamuzi ya hali hiyo ndiyo huleta mkopo wa pili. Saa 72 si kipimo kitakatifu, ila kwa wengi zinatosha kupata angalau usiku mmoja wa kulala vizuri.

Katika siku hizo tatu fanya mambo manne.

Amka saa ileile kila siku, hata kama usiku umelala vibaya. Ukifidia kwa kulala hadi saa nne asubuhi, usiku unaofuata usingizi utachelewa, na mzunguko unaharibika. Kahawa iishe saa sita mchana. Nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Mbege na bia ziache kabisa kwa siku hizi. Pombe hukulaza haraka, kisha hukuamsha saa tisa usiku ukiwa na mawazo yaleyale na kichwa kizito.

Kula milo miwili ya kweli, hata ukiwa huna hamu. Ndizi na maharage vinatosha.

Tembea dakika 20 nje mchana, bila mzigo na bila shughuli.

Jioni kaa, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, rudia kwa dakika 5. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya moyo. Wengi hukosea hapa kwa kuvuta pumzi kubwa kupita kiasi hadi wanasikia kizunguzungu. Vuta ya kawaida tu, refusha ile ya kutoa.

Utajuaje imefanikiwa? Huzuni bado ipo, na hilo ni sawa. Alama ni kwamba unaweza kueleza kilichotokea kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kurudi nyuma mara tatu, na umeweza kumaliza mlo. Kama siku ya nne bado huwezi, ongeza siku mbili kabla ya kwenda hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Andika tukio jinsi lilivyo

Kwa siku nne mfululizo, andika kwa dakika 15. Urefu huu una msingi: mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, katika jaribio lake lililochapishwa 1986 aliwaandikisha wanafunzi dakika 15 kwa siku 4 kuhusu mambo yaliyowaumiza. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Kumbuka hilo, maana wengi huacha siku ya pili wakidhani zoezi limewadhuru. Kuchubuka kidogo mwanzoni ni kawaida. Ila kama saa mbili baadaye bado unatetemeka au unalia bila kukoma, acha kuandika na uende hatua ya 4 moja kwa moja, kwa mtu.

Siku mbili za kwanza mwaga chochote: hasira, aibu, woga wa kikoba. Siku ya tatu na ya nne kazi inabadilika. Sasa andika tu yale ambayo kamera iliyotundikwa bandani ingeyaona.

Jaribio la mama wa Sakina huanza hivi: *Nilizembea, nimepoteza kila kitu.* Kamera haioni uzembe. Kamera haioni "kila kitu". Anaandika upya:

*Jumatatu saa nne usiku niliweka mkaa kwenye jiko, kiasi cha kila siku. Nikalala. Saa kumi na moja alfajiri nikakuta jiko limezimika. Banda lina kona nne. Vifaranga 140 wamekufa, wengi kwenye kona ya mlangoni. Sina kipimajoto. Wamebaki 60. Chakula kimebaki zaidi ya nusu ya mfuko. Jiko, vyombo vya maji na banda ni vizima.*

Soma mara mbili tofauti ya maandishi hayo mawili. La kwanza halina pa kushika. Kwenye la pili tayari zinaonekana kona nne, kipimajoto kisichokuwepo na mkaa uliowekwa mara moja usiku wote wa Julai. Bila kujipa moyo hata kidogo, amejikuta na mambo matatu ya kurekebisha na orodha ya mali iliyobaki.

Kosa la kawaida: kuchomeka neno la hukumu katikati ya ukweli, kama "kwa ujinga wangu nililala". Futa "kwa ujinga wangu". Kulala ni tukio, ujinga ni tafsiri, na tafsiri ina hatua yake.

## Hatua ya 3: Igeuze tafsiri, bila kujidanganya

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kinachomlaza mtu chini kwa miezi mara nyingi ni maana aliyolipa tukio kuliko tukio lenyewe. Maana hiyo huwa na makosa matatu yanayojirudia, na kila kosa lina swali lake. Chora mistari kwenye ukurasa mpya upate safu tatu: *Ninachojiambia*, *Swali*, *Kilicho kweli*.

Swali la kwanza: hili ni la kudumu, au lina mwanzo na mwisho? Mama anajiambia: "Mimi ufugaji hauniwezi." Ukweli unaoandikika: "Kipindi cha hatari ya baridi kwa vifaranga ni wiki tatu za mwanzo, na hatari ni kubwa zaidi Juni hadi Agosti. Niliingiza vifaranga katika mwezi mgumu bila kipimajoto." Udhaifu wa maisha yote umekuwa wiki tatu zinazohitaji maandalizi.

Swali la pili: limeharibu kila kitu, au sehemu? "Nimeisha." Hesabu basi. Vifaranga 140 kwa 1,800 ni 252,000. Ni fedha nyingi, inauma, na iandikwe hivyohivyo. Lakini mtaji wote ulikuwa 480,000. Vifaranga 60, chakula, vyombo na genge la mboga vipo. Watu hukwepa hesabu hii kwa kuogopa kwamba itaumiza zaidi. Mara nyingi namba halisi huwa ndogo kuliko ile inayozunguka kichwani usiku.

Swali la tatu: ni mimi peke yangu, au kuna sababu nyingine? Hili lina hatari pande zote mbili. Ukibeba lawama yote, unaganda. Ukiitupa yote kwa mkaa mbovu au jicho la jirani, hutarekebisha chochote. Gawa lawama kwa sehemu: banda la kona ni jinsi lilivyojengwa, baridi ni ya msimu, mkaa kuwekwa mara moja ni langu, kukosa kipimajoto ni langu. Kisha weka alama ya nyota kwenye yale unayoweza kuyabadilisha wiki hii tu.

Ukikwama, mwandikie barua fupi mdogo wako kana kwamba hasara imempata yeye. Utashangaa jinsi maneno yanavyobadilika. Hakuna anayemwandikia mdogo wake "wewe ni mzembe, umeisha". Unamwandikia: "Pole, mdogo wangu. Hao sitini umewaweka wapi? Kona za banda umeziziba?" Huruma ipo na maswali ya kazi yapo. Kisha isome barua hiyo kwa jina lako mwenyewe.

### Kupima kama tafsiri mpya inashika

Kabla hujaanza, pima maneno ya zamani unayaamini kiasi gani kati ya 0 na 10. Tuseme "ufugaji hauniwezi" ni 9. Baada ya kuandika safu ya tatu, pima tena. Ukishuka hadi 5 au 6, umefanikiwa. Usisubiri 0. Aliyetoka 9 hadi 0 kwa jioni moja kwa kawaida amejifunika tu, na usiku 9 inarudi.

Tafsiri nzuri hupita mitihani miwili: ni kweli, na inakuonyesha kitendo. "Kila jambo lina makusudi yake" inaweza kuwa faraja ya imani yako na ibaki hapo kwa heshima, ila haikuambii ufanye nini kesho na jiko. "Yatapita tu" nayo haikuambii. "Nikiweka mkaa saa nne na saa nane usiku, na kona zikiwa zimezibwa, hatari inapungua sana" inapita mitihani yote miwili.

Onyo: kama umekaa na safu hizi zaidi ya dakika 30 kwa siku na unajikuta unazunguka palepale, hiyo si kutafakari tena, ni kujichimba. Funga daftari, simama, fanya kazi ya mikono. Rudi kesho.

## Hatua ya 4: Watu watatu, kazi tatu

Hatua hii ianze si zaidi ya siku ya saba, hata kama hatua ya 3 haijakamilika. Mficha uchungu hukaa nao hadi siku ya marejesho, na siku hiyo wanakikoba hawamwoni mtu aliyepata hasara, wanamwona mtu aliyewakimbia. Hapo uaminifu uliojengwa kwa miaka unaondoka kwa Jumamosi moja ya kutoonekana.

Watu wengi hushindwa kupata msaada kwa sababu wanamtafuta mtu mmoja afanye yote. Gawa kazi.

Mtu wa kusikiliza. Dada, rafiki, mtu wa jumuiya yenu. Usiende kwa mwenye tabia ya kutangaza, wala kwa yule ambaye kila ukisema lako naye ana lake kubwa zaidi. Mwambie mapema unachotaka: "Dada, naomba unisikilize kidogo, ushauri utanipa siku nyingine." Bila sentensi hiyo atakimbilia kukusahihisha, nawe utatoka ukiwa na mzigo mkubwa kuliko ulioingia nao. Weka mpaka wa dakika 20 hivi kwenye machungu, kisha ongeeni mengine. Wawili wanaolalamika pamoja saa tatu kila jioni huzamishana.

Mtu wa ujuzi. Kwa vifaranga ni afisa mifugo wa kata au mfugaji aliyevuka Julai kadhaa. Nenda na ukurasa wa kamera, si na kilio. Uliza swali moja lenye jibu: "Kwa vifaranga sitini na banda langu hili, jiko niliweke wapi na kona nizibe kwa nini?" Atakuambia uzungushe karatasi ngumu au bati jembamba kuunda duara, lisiwe na kona ya kujirundikia. Atakuonya pia uache nafasi ya hewa juu, kwa sababu mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua kuku na mtu pia.

Mtu wa fedha. Hapa ni mwenyekiti wa kikoba. Nenda *kabla* ya siku ya mkutano, nenda mwenyewe, na uende na namba. Hii ndiyo sehemu inayotetemesha watu zaidi, kwa hiyo andika maneno na uyasome kwa sauti mara mbili nyumbani:

> "Shikamoo, mama mwenyekiti. Nimekuja kabla ya Jumamosi ili usisikie kwa watu. Wiki iliyopita baridi iliua vifaranga vyangu 140. Sijakimbia deni. Nimebakiwa na 60, nitawauza baada ya wiki nne. Naomba mwezi huu nilipe 40,000 kutoka genge, halafu 100,000 kwa miezi minne. Jumla itabaki 440,000 ileile. Naomba unisaidie kuliweka mbele ya wanachama."

Angalia maneno hayo yanafanya nini. Habari mbaya imetajwa mara moja, bila kuipamba. Kilichobaki kimetajwa. Ombi lina muda na kiasi, na jumla ya deni haijaguswa, kwa hiyo wanachama hawaombwi kupoteza, wanaombwa mwezi mmoja zaidi. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya matatizo ya wanachama. Uliza kama katiba yenu inauruhusu kwa hasara ya mtaji, maana vingine ni kwa ugonjwa na msiba pekee.

Wakikataa, usirudi nyumbani kukopa kwingine ili uwalipe. Uliza ni kiasi gani cha chini watakachokubali, na urudi kwenye daftari na namba hiyo. Kuna hasara ambazo tafsiri nzuri haziziondoi: kama deni ni kubwa kuliko uwezo wote wa kuzalisha, kinachohitajika ni kupanga deni upya, na kuendelea kujipa moyo kutachelewesha tu.

Utajuaje imefanikiwa? Unaweza kumtaja kwa jina mtu wa kila kazi, na mmoja kati yao amekutafuta yeye mwenyewe ndani ya wiki mbili. Hilo la pili likikosekana, pengine ulimpa habari bila kumpa ombi.

## Hatua ya 5: Mazoea ya kurudisha nguvu

Kuanzia siku ya 8 hadi ya 28 hakuna jipya kubwa, kuna kurudia. Chagua mazoea matatu tu. Ukiandika kumi, siku ya 12 utakuwa na sifuri.

Yafunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya, kwa muundo wa *ikiwa hili, basi lile*. Mama wa Sakina aandike hivi: "Nikishafunga genge, natembea hadi nyumbani kwa njia ndefu. Nikishaweka mkaa wa saa nne, nafanya pumzi dakika tano. Nikiamka kwa kengele ya saa nane kuongeza mkaa na wazo la kona likaja, nahesabu vifaranga, kisha narudi kulala."

Hilo la mwisho lina uzito wake. Kuamka usiku kulinda vifaranga kunaua usingizi, na usingizi ndio unaoshika kila kitu. Kwa hiyo zamu ya saa nane igawanywe: usiku mmoja yeye, usiku mmoja mwanafamilia mwingine. Asiye na wa kugawana naye alale nusu saa mchana, kabla ya saa tisa. Anayejivunia kwamba halali kwa sababu ya kazi tayari ameanza kutengeneza hasara ijayo. Mtu mwenye usingizi wa siku kumi ndiye anayesahau mkaa.

Kila jioni weka alama tatu kwenye daftari: nimefanya, nimefanya nusu, sikufanya. Ukikosa siku moja, usifidie kesho kwa kufanya mara mbili. Endelea tu. Ukikosa mbili mfululizo, zoea hilo ni kubwa mno, likate nusu.

## Hatua ya 6: Rudi kwa kiwango kidogo

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila mhunzi mwerevu haanzi tena kwa kufua jembe kubwa siku ya kwanza.

Vifaranga 60 waliobaki ndio shule. Duara lenye upana wa mita moja na nusu hivi linawatosha siku za mwanzo, na lipanuliwe kadiri wanavyokua. Kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa kifaranga. Ukikitundika ukutani kinasoma joto la chumba wakati sakafuni kuna baridi. Waangalie wenyewe pia: wakijibana karibu na jiko ni baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi ni joto, wakisambaa wanakula ni sawa. Punguza nyuzi 3 hivi kila wiki.

Kila asubuhi andika idadi. 60, 60, 59, 59. Ukurasa huo unafanya kazi mbili. Unamfundisha ufugaji, na unampa ushahidi dhidi ya "ufugaji hauniwezi". Hofu haiondoki kwa maneno pekee. Inapungua mtu anapolikaribia lile alilolikimbia, kwa kipimo anachokimudu, akaona limekwenda. Mara tatu nne za mwanzo kuingia bandani alfajiri moyo utagonga. Aingie hivyohivyo, ahesabu, atoke.

Baada ya kuwauza, tuseme 57 kwa 8,000, ni 456,000. Atakuwa ameongeza mifuko mitatu ya chakula, 240,000. Zinabaki 216,000, nazo zinabeba marejesho ya miezi miwili ya 100,000. Kundi jipya liwe la vifaranga 100, si 200, na banda lisafishwe na kupumzishwa wiki mbili kabla.

Kosa kubwa hapa ni kurudisha hasara yote kwa mkupuo: kuagiza 300 "ili nifidie". Hapo aliyejifunza kulinda 60 anapewa mtihani wa 300, na akianguka tena, tafsiri ya "hauniwezi" inarudi ikiwa na shahidi wa pili.

## Pale ambapo mwongozo huu hautoshi

Kuna alama ambazo zikionekana, daftari liwekwe pembeni. Huzuni ya karibu kila siku kwa wiki mbili, kutofurahia chochote, kutolala au kulala kutwa, kutokula, au kunywa pombe kila jioni ili uweze kulala. Hayo ni maradhi yenye tiba. Nenda kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru kwa Arusha au Mawenzi kwa Moshi, na uwaambie mapokezi kwamba unahitaji huduma ya afya ya akili.

Kama mtu ameanza kusema afadhali afe, au anagawa vitu vyake, au anawaaga watu bila safari, usimwache peke yake na mpelekeni siku hiyohiyo. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Na dawa za mifugo na za kuua wadudu zitoke nyumbani kwake, zihifadhiwe kwa jirani, kabla hata ya mazungumzo kuisha.

## Siku ya 28

Rudi kwenye ukurasa wa kamera, uusome. Chini yake andika mistari mitatu: nilichobadilisha bandani, niliyemtafuta, zoea lililobaki. Mama wa Sakina ataandika: *kona zimezibwa na mkaa ni mara mbili, mama mwenyekiti, pumzi ya saa nne.* Kisha toa nakala ya ukurasa huo na uitundike bandani, karibu na swichi ya taa, kwa sababu Julai nyingine itakuja na vifaranga vingine vitakuwa na siku tano.